Maumivu yakiisha, msuli bado haujapona

Msomaji, bila shaka umewahi kumwona mwanariadha akitimka mbio za mita 100 au 200, kisha ghafla akaruka kwa mguu mmoja, akashika nyuma ya paja na kujitupa chini. Watazamaji hudhani amepigwa jiwe. Hata yeye mwenyewe hudhani hivyo. Wengi niliowahudumia hunieleza kuwa waligeuka nyuma kutazama ni nani aliyewarushia kitu. Hakuna aliyerusha chochote. Ni msuli wa nyuma ya paja uliochanika, ule ambao makocha wetu huuita hamstringi.

Balaa hili halichagui mkubwa wala mdogo. Mnamo Agosti 2017 mjini London, Usain Bolt wa Jamaika alianguka vivyo hivyo katika fainali ya kupokezana vijiti, na hizo zikawa mbio zake za mwisho za mashindano. Hapa nchini, tangu Ferdinand Omanyala akimbie mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mnamo Septemba 2021, naona vijana wengi shuleni wakijitosa katika mbio za masafa mafupi. Naona pia wengi wakiletwa kwetu tunaotibu viungo, wakichechemea.

Leo sitaki kuzungumza sana kuhusu siku ya kuumia. Nataka tuzungumze kuhusu siku ya kurudi uwanjani, kwa kuwa hapo ndipo tunapokosea. Mwanariadha aliyechanika msuli huu mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena kuliko yule ambaye hajawahi kuumia, na mengi ya majeraha hayo ya pili hutokea katika majuma mawili ya kwanza baada ya kurudi mashindanoni. Kwa maoni yangu, mengi kati ya hayo si bahati mbaya. Hutokea kwa sababu kijana aliulizwa swali moja tu: "Bado unaumwa?" Akajibu la, akapewa viatu vya misumari.

Kijana wa kidato cha tatu

Nitakupa mfano wa kijana mmoja wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 200. Aliumia Jumamosi moja katika mashindano ya madarasa shuleni kwao. Alichechemea siku nne. Siku ya tisa alikuwa akitembea vizuri bila maumivu, na siku ya 11 akakimbia polepole kuzunguka uwanja bila kuhisi lolote. Mashindano ya kanda yalikuwa siku ya 15. Asubuhi hiyo mwalimu wa michezo alimchua paja kwa dawa ya kuchua misuli, akamfunga bendeji na kumpa tembe mbili za kutuliza maumivu. Kijana alitoka vizuri, akapita kona, na alipoanza kunyoosha mguu katika sehemu iliyonyooka, msuli ukachanika tena mahali pale pale, safari hii vibaya zaidi.

Simlaumu mwalimu huyo kuwa mtu mbaya. Alifanya alivyofanyiwa yeye alipokuwa mwanafunzi. Lakini ili uelewe kosa lilikuwa wapi, sharti kwanza ujue msuli huu hufanya kazi gani mtu anapotimka.

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu. Huanzia kwenye mfupa wa makalio, ule unaoukalia, ikateremka hadi chini ya goti. Kwa hivyo inapita viungo viwili, nyonga na goti. Unapokimbia kwa kasi, mguu hurushwa mbele, goti likifunguka. Kabla unyayo haujagusa ardhi, kuna kitu lazima kiusimamishe huo muundi unaorushwa mbele, na kazi hiyo ya breki hufanywa na misuli ya nyuma ya paja. Msuli unavutwa kurefuka, na papo hapo unakaza kwa nguvu zake zote kuzuia. Hapo ndipo huchanika, na mara nyingi ni ule wa upande wa nje wa paja.

Sasa angalia jambo hili muhimu. Mzigo wa breki hiyo hauongezeki kidogo kidogo kadiri kasi inavyoongezeka. Kutoka mwendo wa polepole hadi mwendo wa wastani, msuli huongezewa kazi kiasi. Kutoka asilimia 80 ya kasi yako hadi asilimia 100, mzigo unaruka juu sana. Ndiyo maana yule kijana alizunguka uwanja siku ya 11 bila kuhisi chochote. Mwendo ule haukuuliza msuli wake swali lolote gumu.

Msuli hupona vipi?

Kupona kwa msuli hupitia awamu tatu, nazo huingiliana, wala hazina mipaka kama ya kalenda.

Awamu ya kwanza ni ya siku tano hivi za mwanzo. Nyuzi za msuli zimekatika, damu imevuja ndani, na mwili unatuma chembe zake kusafisha takataka za nyuzi zilizokufa. Paja huvimba, huwa gumu, na baada ya siku moja au mbili ngozi yaweza kuvilia damu, wakati mwingine chini kabisa karibu na goti. Katika siku hizi acha mchezo, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, funga bendeji isiyobana sana, na utembee kwa hatua fupi. Ukichechemea sana, tumia mkongojo. Usichuliwe paja, usikandwe kwa maji ya moto, wala usijaribu kuunyoosha msuli kwa nguvu. Mikono ya mchuaji katika siku hizo huongeza uvujaji wa damu na kukata kile ambacho kimeanza kushikana.

Awamu ya pili huanza mapema, hata kabla ya ile ya kwanza kwisha, na huendelea kwa majuma matatu hivi. Mwili hutengeneza kovu la kuunganisha ncha zilizokatika, na nyuzi mpya za msuli huanza kuota kuelekea ndani ya kovu hilo. Kwa siku kama kumi za mwanzo, kovu ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Baadaye hupata nguvu kiasi cha kustahimili kutembea, kupanda ngazi na kukimbia polepole. Maumivu huondoka katika awamu hii. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili. Maumivu huondoka katika awamu ya pili, wakati ambapo awamu ya tatu ndiyo kwanza inaanza.

Awamu ya tatu ni ya kulipanga upya kovu. Nyuzi zake, ambazo zilikuwa zimetapakaa ovyo, hupangwa kufuata mwelekeo wa mvutano, na msuli hurudishiwa nguvu na urefu wake. Kazi hii huchukua majuma mengi, mara nyingine miezi. Wachezaji walioonekana wamepona kabisa na kuruhusiwa kurudi uwanjani wamewahi kupigwa picha za sumaku, na wengi wao bado walikuwa na alama za jeraha ndani ya msuli. Kwa hivyo picha safi si sharti la kurudi. Lakini nayo yatuonyesha kuwa ukimya wa paja si ushahidi wa kupona.

Yule kijana alipokimbia siku ya 15 alikuwa katikati ya awamu ya pili. Dawa ya kuchua iliipasha ngozi moto, tembe zikanyamazisha onyo, na bendeji haikufanya lolote katika kazi ile ya breki niliyoieleza. Kovu changa likapewa mzigo wa kasi kamili.

Kupumzika tu hakutoshi

Huenda sasa unasema: basi akae kitandani miezi mitatu. La hasha. Hilo nalo ni kosa, na nimeliona kwa wazazi wenye hofu. Kovu lisilovutwa halijipangi. Msuli usiofanya kazi hunyauka, na mwanariadha aliyepumzika miezi mitatu bila zoezi lolote ana paja dhaifu kuliko siku aliyoumia. Kinachohitajika ni mzigo unaopanda ngazi moja baada ya nyingine, hasa mazoezi yanayoufanya msuli ukaze huku ukirefuka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyouvunja.

Kule Uswidi, watafiti waliwagawa wanariadha wa mbio fupi na miruko waliochanika msuli huu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kurefusha msuli chini ya mzigo, lile jingine mazoezi ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014. Kundi la kwanza lilirudi mazoezini kikamilifu kwa wastani wa siku 49, la pili kwa wastani wa siku 86. Mazoezi hayo yalianza siku tano tu baada ya kuumia, lakini kwa upole. Zingatia pia kwamba hata hao waliopona upesi, wakiwa chini ya uangalizi mzuri, walichukua majuma saba.

Zoezi la kwanza kati ya hayo ni rahisi. Lala chali, inua paja la mguu ulioumia lisimame wima, lishike kwa mikono miwili, kisha nyoosha goti polepole hadi pale unapokaribia kuhisi maumivu, halafu ukunje. Fanya hivyo mara 12, upumzike, urudie hadi mizunguko mitatu, asubuhi na jioni. Baadaye huja mazoezi magumu zaidi. La mwisho ni lile la kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo vya miguu, nawe ukajishusha mbele polepole ukiwa umenyooka, ukijizuia usianguke. Zoezi hili likifanywa mara kwa mara na wachezaji wazima, limeonekana kupunguza majeraha ya msuli huu kwa karibu nusu. Lakini halifai katika majuma ya mwanzo ya jeraha.

Ngazi za kurudi

Nilimpokea yule kijana siku ya pili baada ya jeraha lake la pili. Kwanza tulimpeleka apigwe eksirei. Nakuomba mzazi usilidharau hilo. Kijana ambaye bado anakua, mahali ambapo msuli unashikana na mfupa wa makalio ni gegedu, bado hapajawa mfupa mgumu. Badala ya msuli kuchanika, kipande cha mfupa chaweza kung'oka. Ikiwa mtoto alisikia mlio wa kukatika juu karibu na makalio, hawezi kukanyaga, hawezi kuketi vizuri au amevilia damu sana, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Mtu mzima naye akiwa na dalili hizo huenda kano imeng'oka kwenye mfupa, na pengine atahitaji upasuaji. Hayo hayatibiwi kwa ratiba ninayoieleza hapa.

Mfupa wa kijana ulikuwa salama. Baada ya siku tano za awamu ya kwanza tulianza zoezi lile la kulala chali. Aliruhusiwa kukimbia polepole pale tu alipoweza kutembea haraka kwa nusu saa bila kuchechemea, na kuinua makalio yake akiwa amelala chali, kisigino cha mguu mbovu kikiwa juu ya kiti, mara kumi bila maumivu. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa juma la tatu.

Kutoka hapo tulitumia mita 60 za uwanja wa shule. Mita 20 za kwanza alipandisha kasi polepole, 20 za kati alishikilia kasi tuliyokubaliana, 20 za mwisho alipunguza. Alianza na nusu ya kasi yake, mara sita, siku moja kazi na siku mbili bila mbio. Kanuni yetu ilikuwa moja. Akimaliza bila maumivu, na kesho yake asubuhi paja likiwa halijakaza kuliko lile jingine, hupanda ngazi. Likiwa limekaza, hurudia ngazi ile ile. Alirudia mara mbili katika asilimia 80, akanuna sana. Nilimwambia kuwa ngazi hiyo ndiyo iliyomwangusha mara ya kwanza, kwa vile aliiruka.

Mwishoni mwa juma la nane alifika asilimia 90. Hapo tukampima kabla ya kumruhusu kasi kamili, na vipimo hivi vinne wewe pia waweza kuvidai kwa yeyote anayekutibu.

Kwanza, unapobonyezwa kwa vidole juu ya jeraha, usihisi tofauti na paja lile jingine. Pili, ukilala chali na mguu kuinuliwa ukiwa umenyooka, ufike juu sawa na mwenzake. Tatu, nguvu za mguu huo zisipungue zaidi ya sehemu moja katika kumi ukilinganisha na ule mzima, hasa msuli ukiwa umenyooshwa. Nne ni kipimo kilichobuniwa na Waswidi hao hao, nacho nakithamini kuliko vyote. Hufanywa baada ya hivyo vitatu kupita salama. Unalala chali, goti la mguu ulioumia limefungwa lisikunjike, mguu mwingine umeshikwa chini, kisha unaambiwa uinue mguu huo kwa kasi yako yote hadi juu uwezavyo. Swali si maumivu peke yake. Unaulizwa: je, ulisita? Uliogopa? Kama ulisita, hurudi bado. Unaendelea na mazoezi siku tatu hadi tano, unapimwa tena.

Kijana wetu alisita mara ya kwanza. Alidai hajasita, lakini mguu ulionekana ukipunguza mwendo kabla ya kufika juu. Tulimrudisha mazoezini kwa siku nne. Mara ya pili mguu ulipanda kama wa mwenzake. Kuanzia hapo alikimbia kwa kasi kamili katika siku tatu tofauti za mazoezi: ya kwanza katika mstari ulionyooka, ya pili akianzia kwenye vibao na kupita kona, ya tatu akiwa tayari amechoka mwishoni mwa mazoezi, kwa kuwa mashindano hayamwulizi mtu kama amechoka. Siku zote tatu paja liliamka salama kesho yake. Alishindana tena katika juma la 11. Msimu wa shule ulikuwa umekwisha, naye akawa amekosa mashindano yote aliyoharakishiwa.

Ushauri wangu

Usiyachukue majuma 11 kuwa sheria. Mchaniko mdogo waweza kuwa tayari kwa kasi kamili baada ya majuma matatu, na ule ulioingia kwenye kano ndani ya msuli waweza kupita miezi mitatu. Ndiyo sababu sipendi mtu anapoulizwa, "Umebakisha siku ngapi?" Ulizeni umefika ngazi gani.

Kwa walimu wa michezo nina ombi moja. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukimbia kwa kasi yake kamili mazoezini tangu alipoumia, asiandikwe katika orodha ya mashindano. Haijalishi hana maumivu, haijalishi shule inahitaji pointi. Siku ya mashindano isiwe ndiyo siku ya kwanza ya msuli wake kuulizwa swali hilo gumu. Na ikiwa hawezi kushiriki bila tembe za kuzuia maumivu, basi paja lenyewe limekwisha kutoa jibu.

Nawe mwanariadha, ukisharuhusiwa usiyaache mazoezi ya kuimarisha paja. Endelea nayo mara moja au mbili kwa juma, msimu wote, kwa maana lile kovu bado linajipanga hata wakati unapovuka utepe. Na ukihisi paja limekaza katikati ya mazoezi, simama hapo hapo. Kupoteza mazoezi ya jioni moja ni hasara ndogo sana ukilinganisha na kuanza tena kwenye zoezi la kulala chali.